Mwaka wa saba na digrii haijaisha

"Digrii yangu ni ya miaka 4, huu wa 7 na nimebakisha yuniti 3, chuo chasema mwisho miaka 8. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, anza na tarehe. Kwenye hendibuku ya chuo chako soma kama mwaka ulioahirisha kwa barua wahesabiwa ama la, maana mie nilikaa nje mwaka mzima nikibeba mizigo Kongowea bila kuandika chochote na ule mwaka ukahesabiwa.

Halafu nenda idarani ukaulize kila yuniti yatolewa semista gani. Hapa ndo watu hukwama, kama moja hutolewa Januari peke yake na wewe ukaikosa, mwaka umeenda. Omba kibali ufanye zote 3 mwaka huu.

Ukiona hazitatosha, omba nyongeza ya muda sasa hivi, usingoje miaka 8 iishe. Mie barua yangu ilipitia kwa mkuu wa idara, kitivo, hadi seneti, na seneti haikai kila wiki. Ambatisha transkripti, ushahidi wa kilichokuchelewesha, na ratiba ya yuniti kwa yuniti. Yangu ya kwanza ilirudishwa kwa kukosa hiyo ratiba.

Kuhamia chuo kingine iwe mwisho kabisa, Kenya hawahamishi zaidi ya asilimia 49 ya masomo ya msingi, kwa hivo utarudia mengi.