Kukataa kurithiwa na shemeji, na jinsi ya kubaki na nyumba

"Mume wangu amefariki mwezi wa kwanza. Wazee wa ukoo wameitisha kikao wiki ijayo, wanataka nichague shemeji mmoja anirithi, nikikataa nirudi kwetu na niache nyumba, shamba na watoto. Tulifunga ndoa kanisani. Sheria inanilinda au nakubali tu yaishe?"

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni mjane wa huku Mara, nilipitia haya, na sasa ni msaidizi wa kisheria kwenye kata yetu.

Usikubali ili yaishe. Kuhusu kuolewa, sheria haina utata. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila kuolewa au kuolewa na mwanaume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Sharti pekee lililomo ni la wajane wa ndoa ya Kiislamu, kwamba wamalize eda kwanza. Hakuna neno kuhusu kurudisha ng'ombe wa mahari, kwa hiyo wakikutishia nalo waulize wamelisoma wapi. Hata Sheria za Mila zilizoandikwa na kutangazwa mwaka 1963 zinasema mjane aulizwe kama anataka. Anayeulizwa anaweza kusema hapana.

Tena angalia shemeji wanayekutajia. Kama naye alifunga ndoa kanisani na mke wake yupo hai, ndoa yake ni ya mke mmoja, hawezi kuoa mwingine. Ukienda kwake hutakuwa mke kisheria, na siku akifa yeye utakuwa mikono mitupu. Kwenye vikao hili halisemwi.

Ila nikwambie ukweli: kurithiwa mara nyingi ni mlango tu, kinachotafutwa ni mali. Mimi niliposema hapana, hakuna aliyenigusa. Kilichofuata kilikuwa kimya zaidi. Katibu wa kikao alikuwa na daftari la shule, akatupitishia ukurasa wenye kichwa "Mahudhurio" tuweke sahihi. Nikafunua ukurasa wa nyuma yake. Kulikuwa kumeshaandikwa kwamba kikao kimempendekeza shemeji kuwa msimamizi wa mirathi, na kwamba mjane ameridhia kubaki na familia chini ya uangalizi wake. Sahihi zetu za mahudhurio ndizo zingekuwa ushahidi wa kuridhia. Niliandika kwa mkono wangu, "Nimehudhuria. Sikubali kurithiwa wala sikubali msimamizi huyu," nikaweka tarehe na sahihi, kaka yangu naye akasaini pembeni kama shahidi. Halafu nikapiga picha ukurasa mzima kwa simu.

Kwa nini nang'ang'ania daftari? Kwa sababu muhtasari wa kikao cha ukoo, pamoja na cheti cha kifo, ndivyo anavyokwenda navyo mtu mahakamani kuomba usimamizi. Msimamizi akishateuliwa ndiye anayekusanya mali, analipa madeni na kugawa. Shemeji akikuwahi hapo, hapana yako ya kurithiwa imebaki ya maneno tu, kwa sababu funguo anazo yeye.

Shemeji yangu alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Hapa ndipo wewe uliyefunga ndoa kanisani unatakiwa uwe macho. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu tu. Na kwa mila zile za 1963, mjane hapewi fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, wanasema, ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 majaji walikiri zina ubaguzi lakini hawakuzifuta, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikaona Tanzania imekiuka haki zao. Usiende na matumaini kwamba hakimu wa Mwanzo atazitupa kando kwa ajili yako.

Njia yako ni kuonyesha kwamba mila siyo sheria ya mirathi hii. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi. Niliona tangazo la shauri, nikawahi kuweka pingamizi kabla shemeji hajateuliwa. Nilipeleka cheti cha ndoa, barua ya paroko, vyeti vya ubatizo vya watoto, na nikaeleza kwamba mume wangu alikuwa na mke mmoja na alizikwa kwa ibada ya kanisa. Wao walileta habari za ng'ombe wa mahari na kwamba tuliishi kwenye ardhi ya baba yake. Hakimu akaona shauri si la kwake. Cheti cha ndoa peke yake kisikutoshe, maana mtu anaweza kufunga ndoa kanisani na bado akaishi kimila. Kusanya vyote.

Nikafungua upya Mahakama ya Wilaya nikiwa mwombaji mimi. Huko, kama hakuna wosia, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa pamoja. Kaka wa marehemu hapati kitu watoto wakiwepo. Niliteuliwa, nikapeleka orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ya mgawanyo ndani ya mwaka 1, kama sheria inavyodai. Usichelewe hapo, ni sababu rahisi ya wao kuomba uondolewe.

Shamba ndilo lililonisumbua. Duka na kiwanja tulinunua, karatasi za mauzo zilikuwepo. Lakini shamba alitupa baba mkwe, na ardhi ambayo bado ni ya baba mkwe haiingii kwenye mirathi ya mumeo. Ilibidi majirani wawili waje kueleza kwamba mzee alimkatia mwanawe eneo lile na kupanda minyaa ya mpaka, ndipo tukajenga. Kipande cha ng'ambo ya barabara, tulichokuwa tunalima bila kukatiwa, kilirudi kwa ukoo na sikukipigania. Kwa hiyo anza sasa kujiuliza kipi mlikatiwa na nani aliona. Na wakikwambia mwanamke hamiliki ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila ya namna hiyo.

Watoto: mzazi aliyebaki hai ni wewe, malezi ni yako. Wakijaribu kuwachukua, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri siku hiyohiyo. Mtoto wa chini ya miaka 7, sheria inaanza na dhana kwamba akae na mama yake, na wa juu yake mahakama inaangalia maslahi yake, siyo ng'ombe waliotolewa.

Kabla ya wiki ijayo toa nyumbani cheti cha ndoa, cheti cha kifo, karatasi za mauzo na kadi za benki za marehemu, ukaziweke kwa mtu wa upande wenu. Usitoe pesa kwenye akaunti yake, watakugeuzia kibao kwamba umeiba mirathi. Kwenye kikao nenda na kaka au mjomba wako, na umwombe mwenyekiti wa kitongoji awepo. Ukishatoka, mtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa kwenye kata yako, huduma yake ni bure. Ukikwama kwenye fomu, andika hapa ni ipi na imekwama wapi.