Ubao wa bei gengeni: kwa mnaoanza kutembeza wageni

Juzi nilimsikia mdogo wetu mmoja, nyuma ya Soko la Kariakoo, akimsomea mgeni ubao wa genge kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Sikumkatiza mbele ya mgeni wake. Nilijifanya nachagua nyanya huku roho inaniuma, kwa sababu makosa yote aliyofanya nayajua kwa majina. Alipofika mwisho wa ubao, palipoandikwa MAONGEZI YAPO, alimtafsiria mgeni kwamba mama huyu anapenda kuzungumza na wateja. Mgeni akavuta kigoda, akaanza kumuuliza mama ana watoto wangapi. Mama akajibu kwa upole, foleni ikarefuka.

Ubao wenyewe ulikuwa hivi, chaki kwenye kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi:

M/KYELA K 3,000 – ½ 1,500 – ¼ 800
MAHARAGE S 10,000/= K 3,200/=
P/HOHO 4/500/=
V/SWAUMU 3/500
NYANYA 500 500, 1000 1000
NAZI @ 1,200
MAONGEZI YAPO

Ninyi mmekulia humu, mnausoma bila kufikiri. Hapo ndipo shida inapoanzia, kwa hiyo twende polepole.

1. Mkwaju mmoja, kazi nyingi.

Tazameni mstari wa pilipili hoho. Kuna mikwaju mitatu na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza unafupisha jina: P/HOHO ni pilipili hoho, kama tunavyoandika M/kiti tukimaanisha mwenyekiti. Wa pili unasema nne kwa mia tano. Wa tatu, ule wenye alama ya usawa, ni shilingi kamili bila senti, mabaki ya enzi ya Mwingereza, ambaye kwao mkwaju ulitenga shilingi na peni. Shilingi yetu ilianza mwaka 1966, peni hatukuwa nazo hata kabla ya hapo, lakini mkono wa muuza duka umeendelea kuandika hivyo hivyo.

Mgeni asiyeambiwa husoma 4/500 kama sehemu ya hesabu, au bei mbili, ya nne na ya mia tano. Ukimtafsiria, usinakili mkwaju hata mmoja. Andika jina zima, idadi, neno "kwa", kisha fedha. Na M/KYELA si jina la kampuni, ni mchele wa Kyela, ule wenye harufu.

Kwenye nyanya, "500 500" ni mafungu ya mia tano kila moja, na pembeni yapo ya elfu moja kila moja. Sisi tunarudia neno kuonyesha kila kimoja, kama machinga anavyoita "jero jero, buku buku". Mgeni huona 500 mbili akajumlisha. Nimeona mtu mzima akilipa elfu kwa fungu la jero huku mwongozaji wake akijibu meseji.

Halafu robo kilo. Robo ya elfu tatu ni mia saba na hamsini, ubao unasema mia nane. Sarafu ya hamsini haishikiki siku hizi, mama amejikusanyia hadi mia inayofuata. Mwambie mgeni mapema, kabla hajapiga hesabu mwenyewe na kumtazama mama kwa jicho baya.

2. Sado.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa niliaibika.

Miaka ile nilikuwa na mgeni mmoja, mama wa makamo, mpole, aliyetaka kununua maharage ya kupeleka kituo cha watoto. Alitaka kilo mia. Ubao wa duka tulilosimama ulikuwa na mstari kama huo hapo juu: sado elfu kumi, kilo elfu tatu na mia mbili. Akaniuliza S ni nini. Nikamwambia ni sado, kindoo cha ujazo wa kopo la rangi la nne. Akauliza, nne nini? Nikajibu haraka, kilo nne.

Lita nne, jamani. Kopo la rangi hupimwa kwa lita. Maharage si maji: lita moja ya maharage makavu ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo na kidogo, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa. Sado iliyosawazishwa juu, yaani kipimo cha mfuto, hubeba maharage kilo tatu na kitu. Mchele nao huenda hapo hapo, labda zaidi kidogo.

Mgeni akatoa karatasi. Sado moja kilo nne, kilo mia ni sado ishirini na tano, jumla laki mbili na nusu. Akafurahi, kwa sababu kwa bei ya kilo angelipa laki tatu na ishirini. Mimi nami nikajiona mjanja, nimemwokolea mgeni shilingi elfu sabini. Vijana wa dukani wakapima sado ishirini na tano mbele yetu, kwa uaminifu kabisa, wakishona viroba.

Kule kituoni walikuwa na mizani ya jukwaa. Viroba vikapandishwa kimoja kimoja, na jumla ikakomea karibu sabini na nane. Mgeni wangu hakupiga kelele, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinyamaza garini mpaka dukani, akashuka, akamwonyesha mwenye duka ile karatasi yenye hesabu zake. Mwenye duka hakuelewa lugha, lakini alielewa uso. Mbele ya wateja wake, mzee wa watu akaitwa mwizi kwa macho tu. Na mkalimani katikati ni mimi, nikitakiwa kutafsiri shutuma niliyoitengeneza mwenyewe.

Yule mzee alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilikuambia kilo?" Hakusema. Ubao haukusema. Akachukua sado moja, akaisawazisha kwa kijiti, akaimimina kwenye mizani yake yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Mshale ukaonyesha tatu na kidogo. Nikamweleza mgeni kwamba kosa ni langu, siyo la mzee. Nadhani aliniamini, ila siku zilizobaki alikuwa akiuliza kila kitu mara mbili.

Sasa sikilizeni, maana aibu hiyo ingeepukika bila mizani. Jibu lilikuwa kwenye mstari ule ule. Gawanya elfu kumi kwa elfu tatu na mia mbili: unapata tatu na kidogo. Mwenye duka hawezi kuuza bidhaa ile ile, kwenye ubao ule ule, kwa bei mbili zilizoachana hivyo. Ukiona tafsiri yako inaifanya sado iwe rahisi kuliko kilo kwa zaidi ya punguzo la kawaida la anayechukua kingi, tafsiri yako ndiyo mbovu. Anza kwa kujishuku mwenyewe kabla ya kumshuku muuzaji.

Kwenye karatasi ya mgeni andika "ndoo ya lita nne, imesawazishwa juu", wala usiweke kilo. Na kabla ya kuandika "imesawazishwa", uliza: "Mama, unapima mfuto au unajaza kichwa?" Wapo wanaoacha kilima juu, na kilima hicho kwenye maharage si kidogo. Uichungulie na sado yenyewe kwa ndani, kuna zilizobonyezwa kitako kikapanda juu. Debe nalo lina ugonjwa huo huo: ni la lita ishirini, sado tano, na halijai kilo ishirini za maharage. Mgeni akitaka uzito wa uhakika, anunue kwa kilo kwenye mizani yenye stika. Sado haina stika.

3. Fungu, na maongezi yenyewe.

Fungu halina uzito na msilitafutie. Kuna kijana alipima fungu la nyanya kwa mizani ya mkononi, akamwandikia mgeni gramu mia nne, na kesho yake mgeni akarudi na karatasi kudai gramu mia nne zake. Gengeni bei hukaa, fungu ndilo linalotembea. Nyanya zikiadimika, mia tano inabaki mia tano ila nyanya tano zinakuwa tatu. Jioni, mama akiona hazitafika kesho, fungu linavimba tena na ubao haujaguswa. Tafsiri yake ni "rundo dogo, utakaloliona hapo mezani, kwa shilingi mia tano", basi.

Ndiyo maana wageni wanaofundishwa kwamba Afrika kila kitu ni kupatana huishia kutuabisha kwenye nyanya. Anamwambia mama mia tatu, mama anacheka, mgeni anadhani mchezo umeanza. Kwenye fungu mnaongea nyongeza. Unalipa mia tano yako, kisha unasema "niongezee basi mama", na mama anatupia nyanya moja, mara nyingi ile yenye kovu. Hiyo ndiyo punguzo. Mfundishe mgeni aseme "niongezee" na mtaelewana na genge zima.

MAONGEZI YAPO inahusu anayechukua kingi: sado kadhaa, nazi kumi, kilo nyingi za mchele. Mwandikie mgeni "ukinunua kwa wingi, bei inazungumzika". Kwenye meza za mitumba ni habari nyingine, pale hata bei iliyoandikwa ni ya kuanzia tu. Ukikuta BEI HAIPUNGUI gengeni, amini bei, ila nyongeza bado unaweza kuomba. Na mama akisema "una ngapi?", usitafsiri kana kwamba anauliza mgeni ana fedha kiasi gani mfukoni. Anamwambia ataje bei yake. Wageni hushika pochi kwa nguvu wakisikia hiyo ya kwanza.

4. Mengineyo.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ubao. Alama ya @ kwenye nazi ni kila moja. Beba chenji, noti ya elfu kumi saa moja asubuhi ni usumbufu. Saa kumi jioni soma ubao upya, chaki hufutwa na mkono wa nguo bila mwenyewe kujua, na 1,200 ikipoteza moja yake inabaki mia mbili. Yule mdogo wetu, nilipoondoka, alikuwa anamweleza mgeni kwa nini nazi ni rahisi kuliko pilipili.