Kagua data kabla hujaichapisha: ushauri kwa wanaoanza kutunza dashibodi za afya

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii hapa Kisumu, huenda mkakabidhiwa programu ndogo ambayo kila usiku huvuta ripoti za malaria kutoka mfumo wa KHIS, uliojengwa juu ya DHIS2, kisha ikaandika faili inayosomwa na dashibodi. Asubuhi maofisa wa kaunti ndogo zote saba, kuanzia Seme hadi Muhoroni, hufungua dashibodi hiyo na kuamua dawa na vipimo viende wapi. Kwa hiyo msiruhusu programu iandike moja kwa moja juu ya faili iliyochapishwa. Data mpya iwekwe kwanza kwenye faili ya pembeni, ikaguliwe, ndipo ichukue nafasi ya ile ya zamani.

Kosa linalowanasa wengi ni kuamini kwamba seva ikijibu kwa msimbo wa 200, data imekuja yote. DHIS2 ikiombwa orodha ya vituo vya afya bila maelezo zaidi, hutoa ukurasa wa kwanza tu, wenye vituo 50. Tuseme dashibodi yenu ina vituo 180, na jana usiku mtu alirekebisha programu akaondoa sehemu ya `paging=false`. Jibu litakuja salama, litasomeka vizuri, na huenda kila kaunti ndogo ikawa na angalau kituo kimoja au viwili ndani yake, hivi kwamba ukaguzi wa kuuliza tu kama kaunti ndogo zote saba zipo utapita bila shida. Hata hivyo wagonjwa wa mwezi Mei watakuwa wameshuka kutoka, tuseme, 12,400 hadi 3,900, na msomaji atadhani malaria imepungua. Mkiona hesabu ya vituo ni 50 kamili, shukuni mara moja. Jibu lenye kurasa hubeba pia sehemu iitwayo `pager`, ambamo `total` hutaja idadi halisi. Linganisheni idadi hiyo na mliyopokea. Jibu lisilo na kurasa huenda lisiwe na sehemu hiyo, kwa hiyo wekeni pia ukaguzi wa pili unaolinganisha idadi ya vituo na ile iliyochapishwa mara ya mwisho.

Ukaguzi ninaouthamini kuliko wote ni wa kulinganisha mwezi na mwezi huohuo. Wengi hulinganisha Mei na Aprili, kisha wanashangaa mfumo unapopiga kelele kila baada ya mvua za masika, wakati malaria hupanda kwa kawaida katika eneo hili la ziwa. Chukueni Mei iliyochapishwa jana mkailinganishe na Mei iliyovutwa leo. Mwezi uliokwisha kufungwa huongezeka kidogo tu kadiri ripoti zilizochelewa zinavyoingia, na ni nadra upungue. Kwa hiyo ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10, zuieni uchapishaji. Mwezi unaoendelea msiupime kwa kipimo hicho, kwa sababu vituo vingi bado havijaripoti. Vilevile kituo ambacho hakijaripoti kibaki pengo. Programu ikigeuza pengo kuwa sifuri, itakuwa imedai kwamba hakukuwa na mgonjwa hata mmoja.

Baada ya ukaguzi kupita, ubadilishaji wenyewe ufanyike kwa hatua moja:

```python
if len(vituo) < 0.95 * vituo_vya_jana:
    raise SystemExit("Vituo vimepungua")
os.replace("mpya.json", "dashibodi.json")
```

Faili hizo mbili zikae katika saraka moja. Hapo `os.replace` hubadilisha jina kwa mkupuo, na anayesoma hupata ama faili ya zamani nzima au mpya nzima, kamwe si nusu. Faili ya pembeni ikiwa kwenye diski nyingine, amri hiyo hukataa kufanya kazi.

Kuna nyakati ambapo upungufu ni wa kweli. Kituo kimoja kikubwa kinaweza kuwa kiliandika 1,250 badala ya 125, na marekebisho yakashusha jumla ya kaunti ndogo nzima. Hapo mpigieni simu ofisa wa kumbukumbu za afya wa kaunti ndogo hiyo, na akithibitisha, ruhusuni badiliko la kituo hicho na mwezi huo pekee, mkiandika nani aliruhusu na kwa nini. Msizime ukaguzi wote ili faili moja ipite, maana nimeona ukizimwa hivyo hausikiki tena mpaka namba mbovu zimeshafika kwenye mkutano.

Mwisho, data ikizuiliwa, dashibodi itaendelea kuonyesha namba za zamani, na namba hizo zina hatari yake. Tarehe ya data iliyokubaliwa mara ya mwisho ionekane juu ya ukurasa, nayo isomwe kutoka ndani ya data yenyewe wala si kutoka saa ambayo programu iliendeshwa, na ujumbe wa kuzuiliwa umfikie mtu anayejulikana, ambaye ni zamu yake asubuhi hiyo.