Wasifu wa ununuzi mbele ya tangazo la ugavi

“Nimefanya ununuzi halmashauri miaka 4. Kampuni binafsi inataka zabuni, majadiliano na wauzaji na mfumo wa bohari. Wasifu wangu unatosha?”

Ndugu, kwenye zabuni uko imara, ila “nilishiriki michakato ya zabuni” haionyeshi hatua uliyoifanya. Taja kama uliandaa nyaraka ndani ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, au ulikuwa kwenye kamati ya tathmini, kwa kuwa hizo ni kazi mbili tofauti.

Pengo kubwa ni majadiliano. Katika ununuzi wa umma huja baada ya tathmini, na mzabuni aliyependekezwa, tena kwa mipaka, ilhali kampuni binafsi hujadili bei, muda wa malipo na ratiba ya kupokea mzigo mwaka mzima. Ikiwa wakati wa kujadili mkataba ulimshawishi msambazaji alete mifuko 600 ya saruji kwa awamu 3, ili isigande stoo, hilo ndilo wanalolitafuta, nalo liandike pamoja na matokeo yake.

Kuhusu mfumo wa bohari, leja za karatasi usiziite mfumo. Eleza ulivyozilinganisha na hesabu halisi ya mali, kwani msaili makini atakuuliza tofauti ilitoka wapi.