Saplaya kabadili akaunti ya benki ghafla: mpigie, usimjibu kwenye imeili

"Wakuu, saplaya wetu wa vipuri huko Guangzhou kaandika kwamba akaunti yao iko kwenye ukaguzi, salio la dola 18,400 tulipe kwenye akaunti yao ya Hong Kong. Imeili imekuja ndani ya mazungumzo yetu yale yale. Bosi anataka TT itoke leo. Nitajuaje kama ni yeye?"

Usitume leo. Na usiijibu imeili hiyo kumuuliza kama ni yeye. Kama kisanduku chake kimeshaingiliwa, atakayekujibu "ndiyo" ni mwizi mwenyewe.

Kazi hii huanza wiki kadhaa kabla. Mwizi anapata nywila ya upande mmoja, wa kwenu au wa kwao, halafu anakaa kimya anasoma. Anajua mlishalipa advansi, anajua meli inaondoka lini, anajua mnavyosalimiana. Salio likikaribia kulipwa ndipo anachukua invoisi halisi, anabadilisha mistari ya benki tu na kuituma. Ndiyo maana kila kitu kinaonekana sawa.

Anza na anwani. Kwenye Gmail fungua ujumbe, bonyeza nukta tatu, kisha Show original. Mara nyingi utakuta kitu kama hiki (jina ni la mfano):

```
From: Sales <sales@example.com>
Reply-To: sales@exarnple.com
```

Soma mstari wa pili polepole: pale penye m pameandikwa r na n. Kwenye simu jicho halioni tofauti. Ukikuta hivyo, umeshapata jibu. Usipokuta, hujapata lolote. Mwizi aliye ndani ya kisanduku halisi anatuma kutoka anwani halisi, na humo utaona `dmarc=pass`, alama kwamba anwani haijaghushiwa, safi kabisa. Hapo ndipo wahasibu wengi wanaponaswa: wamekagua anwani, wakaikuta sahihi, wakalipa.

Angalia pia msimbo wa SWIFT. Herufi ya 5 na ya 6 ni nchi: CN ni China, HK ni Hong Kong, GB ni Uingereza. Wauzaji wengi wa China kweli wana akaunti Hong Kong, kwa hiyo HK peke yake si ushahidi. Lakini barua ikisema Hong Kong na msimbo ukasema GB, simama hapo hapo.

Jina la kampuni kwenye TT lisikupe usingizi. Benki inayopokea mara nyingi hufuata namba ya akaunti bila kulinganisha jina. Na hata jina linaweza kutengenezwa: kati ya 2013 na 2015 Google na Facebook walilipa zaidi ya dola milioni 100 kwa Mlithuania mmoja aliyesajili kampuni Latvia yenye jina la Quanta, saplaya wao halisi wa Taiwan.

Kwa hiyo piga simu. Namba usiitoe kwenye imeili hiyo wala kwenye invoisi mpya, maana chini ya sahihi nako huwa pamebadilishwa. Itoe kwenye mkataba, au kwenye invoisi ya mwaka jana mliyoilipa na mzigo ukafika. Wakikupigia wao kwanza, shukuru, kata, kisha piga mwenyewe namba ya zamani. WhatsApp ya namba mpya yenye picha ya mtu unayemjua haihesabiki.

Ukimpata, usimsomee namba ya akaunti na kumuuliza kama ni sahihi. Mtu mwenye haraka atasema "yes, yes". Muulize kama wamebadili benki, kisha akusomee yeye namba nzima huku wewe unafuata kwenye karatasi. Andika jina lake, saa na namba uliyopiga, uambatanishe na hati ya malipo. Bosi akisukuma, mwonyeshe nafasi hiyo ikiwa tupu.

Wengine hutuma dola 50 za majaribio. Haisaidii kama uthibitisho unasubiriwa kwa imeili, kwa sababu mwizi naye ataandika "tumepokea". Inasaidia tu ukituma kiasi kisicho cha kawaida, tuseme 53.70, bila kukitaja, halafu ukampigia akakutajia mwenyewe kilichoingia.

Kama TT imeshatoka, nenda benki sasa hivi, usisubiri kesho. Omba waandike kuirudisha kwa sababu ya utapeli na uchukue nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo, MT103 au pacs.008, yenye UETR, ile namba ndefu ya kufuatilia malipo. Ripoti polisi siku hiyo hiyo. Pesa ikishatolewa kule, benki yako haina cha kurudisha.

Simu ikikwisha, fungua kisanduku chenu pia. Kwenye Gmail pitia Filters and Blocked Addresses na Forwarding and POP/IMAP, kwenye Outlook pitia Rules. Ukikuta amri usiyoijua inayopeleka ujumbe wa saplaya huyo kwenye folda ya RSS Feeds au anwani ya nje, aliyeingiliwa ni nyie. Piga picha ya skrini kabla hujaifuta, badilisha nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili.