Barua ya kujitoa klabu: anza na mweka hazina

"Nimestaafu, narudi nyumbani Moshi. Nimekuwa mwanachama wa klabu ya tenisi miaka 26 na bado nadaiwa ada. Barua ya kujitoa niiandikeje?"

Shikamoo mzee. Kwanza soma kifungu cha kujitoa kwenye katiba ya klabu. Klabu nyingi hutaka notisi, na ada huendelea kuhesabiwa hadi notisi iishe. Baba yangu alikwama hapo: alilipa deni la kwenye daftari, baadaye akaletewa dai jingine.

Mwombe mweka hazina hesabu ya deni hadi siku ya kuondoka. Tuseme ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi, unadaiwa miezi 2, notisi mwezi 1: lipa 60,000 kupitia benki, usimpe mtu mkononi. Kisha mwandikie katibu:

"Najitoa uanachama kuanzia 30 Juni kwa kuwa nimestaafu na ninahama. Nimelipa 60,000, risiti nimeambatisha. Narudisha ufunguo wa kabati. Naomba uthibitisho wa maandishi kwamba sidaiwi."

Shukrani za miaka yote hiyo ziongeze mwishoni, kwa maneno yako mwenyewe. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkitofautiana hesabu na fedha ni nyingi, mwone wakili kabla ya kusaini chochote.