Tulindane au Jeshi la Kayole?

Swali: Hapa Kayole tumeanzisha kikundi cha kulinda mtaa usiku na kuzoa taka Jumamosi. Vijana wanataka kiitwe Jeshi la Kayole, wazee wanataka Kamati ya Walinzi na Wasafishaji. Wakazi hawajitokezi. Jina lipi ni sahihi?

Jibu: Kisarufi yote mawili ni sahihi, na yote mawili yatawafukuza watu.

La vijana lina historia mbaya. Mwaka 2010 serikali ilipopiga marufuku makundi 33 ya kihalifu, Jeshi la Embakasi lilikuwamo, na Kayole iko huko huko Embakasi. Mwenye duka akisikia "jeshi" limebisha hodi, atadhani limekuja kumtoza.

La wazee kasoro yake ni ya umbo. "Mlinzi" ni nomino ya mtenda, na papo hapo inagawa mtaa: kuna wanaolinda, na kuna wanaolindwa. Nairobi mlinzi ni yule wa getini anayelipwa mwisho wa mwezi. Mama mboga akialikwa kwa Walinzi atauliza achange shilingi ngapi. Hatakuja na tochi. "Kamati" nayo humwambia kwamba viti vimeshajaa.

Ningechagua Tulindane Kayole. Tazameni kiambishi -an-, cha kutendana: kila anayelinda analindwa pia, kwa hiyo hakuna mkazi anayebaki nje ya kitenzi. Msikiondoe ili kufupisha. "Tulinde" inaweza kuwa "sisi na tulinde", lakini pia ni ombi, kama katika "Mungu tulinde", na jina linalomwomba mtu mwingine atulinde ndilo hasa mnalolikimbia.

Upande wa taka, kiambishi hicho hakifai. "Tusafishane" inachekesha, tena vibaya: mtu aliyeibiwa kila kitu husemwa wezi wamemsafisha. "Wasafi wa Kayole" nayo inawaita wengine wachafu. Basi usafi usiingie kwenye jina. Uwekeni kwenye tangazo: "Tulindane, Jumamosi saa mbili tunazoa taka, tuanzie mtaro wa sokoni." Si "wakazi mnatakiwa kufika". Hiyo ni lugha ya baraza la chifu, na watu wameizoea kiasi cha kutoisikia.

Kuna watakaopendekeza Nyumba Kumi. Mpango huo ulitoka serikalini mwaka 2013, kwa mfano wa Tanzania, na jina lake linahesabu nyumba kana kwamba kila moja ina ua wake. Ploti moja ya ghorofa huko Kayole inapita milango kumi. Shirikianeni nao kwa chifu, ila jina waachieni.

Kabla ya kuchapisha fulana, mwambieni jirani asiye mwanachama ajitambulishe kwa jina hilo. "Mimi ni wa Tulindane" hutamkika bila aibu. "Mimi ni msafishaji" wengi wataimeza.